Mifuko 12 Iliyopotea Bila Mwizi

Chukua duka moja la jumla linalouza sukari na unga, katika mji ambao mtandao huja na kuondoka kama umeme. Mama mwenye duka ana simu yake, na kijana anayemsambazia bidhaa kwa guta ana ya kwake. Simu zote mbili zina programu ileile ya kutunza hesabu ya stoo. Saa moja asubuhi zinawasiliana na seva na kupata hesabu moja: sukari mifuko 40, bei ya mfuko shilingi 140,000. Muda mfupi baadaye mtandao unakatika.

Duka halifungwi kwa sababu hiyo. Programu imetengenezwa ifanye kazi bila mtandao: kila simu ina hifadhidata yake ndogo ndani, na kila kinachoandikwa hukaa humo kikisubiri njia ya kwenda kwenye seva. Saa tatu kasoro dakika kumi mama anapigiwa simu na kuambiwa sukari imepanda, naye anabadilisha bei iwe 145,000. Dakika ishirini baadaye anauza mifuko 12. Simu yake inatoa 12 kwenye 40 na kuandika 28. Upande mwingine wa mji kijana anashusha mifuko mitano kwa mteja, saa tatu na dakika ishirini na tano. Simu yake haina habari za mama. Inatoa tano kwenye 40 na kuandika 35.

Kabla ya saa sita mtandao unarudi. Simu zinatuma zilichonacho, seva inalinganisha saa zilizoandikwa na kuona kwamba maandishi ya kijana ndiyo ya mwisho, ya saa 09:25 dhidi ya 09:10 ya mama. Inayakubali hayo na kuyatupa mengine. Sekunde chache baadaye simu zote mbili zinaonyesha kitu kimoja: mifuko 35, bei 140,000.

Stoo ina mifuko 23.

Hakuna taa nyekundu iliyowaka, wala ujumbe wa kosa. Bei mpya aliyoiweka mama imerudi ya zamani, ingawa kijana hakuigusa kabisa. Jioni, mama akihesabu mifuko kwa mkono, atakuta pungufu ya 12, yenye thamani ya shilingi 1,740,000, na swali la kwanza litakalomjia halitakuwa kuhusu programu. Litakuwa kuhusu kijana.

Utaratibu uliofanya hivyo una jina rahisi miongoni mwa watengenezaji wa programu: wa mwisho hushinda. Ni njia nyepesi kuliko zote ya kuamua pale nakala mbili za taarifa moja zinapogongana, na ndiyo maana imeenea sana. Kila mstari wa hifadhidata unabeba mhuri wa wakati. Mistari miwili ikikutana, wenye mhuri mpya zaidi unabaki. Katika SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya karibu kila simu janja, kazi yote inaweza kufanywa kwa amri moja, na hifadhidata nyingi za kwenye seva zina amri inayofanana nayo:

```sql
INSERT INTO bidhaa (id, kiasi, bei, wakati)
VALUES (:id, :kiasi, :bei, :wakati)
ON CONFLICT(id) DO UPDATE SET
  kiasi  = excluded.kiasi,
  bei    = excluded.bei,
  wakati = excluded.wakati
WHERE excluded.wakati > bidhaa.wakati;
```

Mstari wa mwisho ndio mwamuzi. Unasema: badilisha tu ikiwa kinachokuja ni kipya kuliko kilichopo. Kisichotimiza sharti hilo hakiandikwi popote, wala anayekileta haambiwi kwamba kimekataliwa.

Ili kuutendea haki utaratibu huu, inafaa kuuliza unaahidi nini hasa. Unaahidi kwamba nakala zote, hata kama taarifa zimefika kwa mpangilio tofauti, mwishoni zitafanana. Ahadi hiyo unaitimiza vizuri mno. Simu ya kijana ikituma kabla ya ya mama, au baada yake, au mara tatu mfululizo kwa sababu mtandao ulikatika katikati, jibu ni lilelile. Lakini kufanana si sawa na kuwa sahihi. Pale dukani simu mbili na seva vilikubaliana bila ubishi, na vyote vitatu vilikosea.

Wazo lenyewe si la juzi. Mnamo Januari 1975 Paul Johnson na Robert Thomas, wa kampuni ya BBN nchini Marekani, walitoa waraka kuhusu namna ya kutunza nakala za hifadhidata moja kwenye kompyuta zilizotapakaa katika mtandao wa ARPANET. Walipendekeza kila taarifa ipewe mhuri wa wakati pamoja na utambulisho wa kompyuta iliyoiandika, ili hata mihuri ikilingana pawe na njia ya kuamua. Leslie Lamport aliusoma waraka huo na kuona dosari: saa za mashine mbili zisipolingana, jambo lililosababishwa na lingine linaweza kuonekana limetokea kabla ya kisababishi chake. Kutokana na hapo aliandika makala yake ya 1978 kuhusu wakati na mpangilio wa matukio, ambayo hadi leo ni msingi wa somo hili. Kwa hiyo udhaifu wa mihuri ya saa ulijulikana kabla simu ya mkononi haijaingia madukani.

Na simu ya mkononi ndiyo saa mbaya kuliko zote walizozifikiria wakubwa hao. Saa ya seva hurekebishwa na mashine nyingine mara kwa mara bila mtu kuigusa. Saa ya simu iko mikononi mwa mwenye simu. Kuna wanaoisogeza mbele ili mchezo wa simu uwape maisha mapya bila kungoja. Kuna betri inayoisha kabisa kwenye simu ya bei nafuu, ikaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita mpaka ipate mtandao. Kuna anayeweka saa kwa mkono na kukosea mchana na usiku, akawa nyuma au mbele kwa saa 12 kamili. Katika Android mtengenezaji akitumia `System.currentTimeMillis()` kupiga mhuri, anachukua hiyohiyo saa anayoweza kuichezea mtu yeyote. Ipo nyingine, `SystemClock.elapsedRealtime()`, ambayo mtumiaji hawezi kuisogeza, lakini hiyo huhesabu tangu simu ilipowashwa na huanza upya kila simu inapozimwa, kwa hiyo peke yake haitoshi kulinganisha simu mbili.

Saa iliyo nyuma hudhuru kwa namna inayoeleweka: maandishi ya mwenye simu hiyo yanashindwa kila mara, naye analalamika kwamba programu “haihifadhi”. Iliyo mbele ni hatari zaidi. Tuseme simu ya kijana kwa bahati mbaya imewekwa mwaka 2031. Akigusa bidhaa moja tu, mstari wake unapata mhuri wa 2031 na kuingia kwenye seva. Tangu hapo kila marekebisho ya mama, yenye mihuri ya leo, ni “ya zamani”. Anabadilisha bei, skrini inakubali, simu inawasiliana na seva, bei inarudi. Anabadilisha tena, inarudi tena. Kijana akirekebisha saa yake haisaidii, kwa sababu mhuri umeshaandikwa. Bidhaa ile imegandishwa hadi 2031 ifike au mtu aingie kwenye hifadhidata na kuifuta ile tarehe. Fundi anayepokea malalamiko ya namna hii, kwamba kitu kimoja tu ndicho kinachokataa kubadilika na vingine viko sawa, aanze kwa kutazama mhuri wa mstari huo kabla ya kutafuta kosa mahali pengine.

Mipaka ya nchi nayo ina mtego wake. Tanzania iko saa moja mbele ya Rwanda. Dereva wa lori akifika Rusumo upande wa Tanzania saa 10:20 asubuhi kwa saa ya skrini, anaandika kwamba mzigo umekaguliwa. Nusu saa baadaye ameshavuka, simu imejirekebisha, na sasa inasoma 09:50. Anaandika kwamba mzigo umevuka. Kama programu ilihifadhi saa ya mahali bila kusema ni ya wapi, 09:50 ni ndogo kuliko 10:20, na mzigo uliovuka unaendelea kuonekana uko Tanzania. Tiba ya hili ni rahisi, kuhifadhi wakati wa UTC tu na kuacha skrini ndiyo ibadilishe, lakini kosa lenyewe halionekani kamwe kwa mtengenezaji anayejaribu programu yake akiwa ofisini katika mji mmoja.

Wapo wanaokwepa saa za simu kwa kuamua kwamba wa mwisho ni yule aliyefika kwenye seva mwisho. Firestore, huduma ya hifadhidata ya Google inayotumiwa na programu nyingi za simu, huenda hivyo: maandishi yaliyofanywa bila mtandao husubiri kwenye foleni ndani ya simu, hutumwa mtandao ukirudi, na yakigongana na mengine, yaliyofika mwisho ndiyo yanayobaki. Shida ya 2031 inaondoka. Inakuja nyingine. Simu iliyosahauliwa kwenye droo kwa wiki tatu, ikiwa na marekebisho moja ambayo haikuwahi kuyatuma, siku ikiwashwa itafika ya mwisho. Itafuta kazi ya wiki tatu kwa taarifa ambayo hata aliyeiandika ameshaisahau.

Saa inaweza kutibiwa kwa kiasi kikubwa. Simu ikiwasiliana na seva inaweza kupima tofauti kati ya saa yake na ya seva, na kuitumia kusahihisha mihuri. Seva inaweza kukataa mhuri wowote uliozidi saa yake yenyewe kwa, tuseme, dakika tano. Na kuna ile njia iliyotokana na Lamport, ambayo mwaka 2014 ilichanganywa na saa ya kawaida: simu ikishaona taarifa yenye mhuri wa 09:25, haiandiki tena chochote chenye mhuri mdogo kuliko huo, hata kama saa yake inasema ni 09:00. Kwa hiyo anayejibu jambo alilolisoma hawezi kuonekana ametangulia. Ila kikomo cha dakika tano lazima kiende pamoja na njia hii, la sivyo simu ya 2031 itawaambukiza wenzake wote.

Baada ya yote hayo, rudi dukani. Tuseme saa za mama na kijana zinalingana hadi sekunde. Mifuko 12 bado inapotea.

Hapa ndipo mazungumzo mengi kuhusu saa yanapowapoteza watu. Kasoro kubwa ya pale dukani haikuwa kujua nani aliandika mwisho. Ilijulikana, na ilikuwa kweli: kijana aliandika mwisho. Kasoro ilikuwa kudhani kwamba anayeandika mwisho anajua yaliyotangulia. Kijana hakumaanisha “stoo ina mifuko 35”. Alimaanisha “nimetoa mitano”. Programu ndiyo iliyogeuza kitendo chake kuwa tamko la jumla, kisha ikalitumia tamko hilo kufuta kitendo cha mwingine.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Ilirudi nyuma kwa sababu amri ile inabeba mstari mzima. Kijana aligusa kisanduku kimoja, cha kiasi, lakini simu yake ilituma mstari wote pamoja na bei ya zamani. Suluhisho ni kila kisanduku kiwe na mhuri wake na simu itume kile tu kilichobadilishwa. Hapo bei ya mama inabaki 145,000. Kwa marekebisho hayo peke yake, migongano mingi ya kila siku hupungua, kwa sababu mara nyingi watu wawili wakigusa taarifa moja huwa wanagusa sehemu tofauti.

Lakini visanduku vinavyotegemeana havipaswi kutenganishwa. Fikiria deni lililoandikwa kiasi 50, sarafu dola. Karani mmoja, saa 4:05, analigeuza liwe la shilingi: kiasi 130,000, sarafu shilingi. Mwingine, bila kujua, saa 4:10 anasahihisha dola 50 kuwa 60, akigusa kiasi tu. Kila kisanduku kinachukua cha mwisho wake. Kiasi ni 60, kwa sababu ni cha 4:10. Sarafu ni shilingi, kwa sababu aliyeigusa ni wa 4:05 peke yake. Mteja sasa anadaiwa shilingi sitini, taarifa ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiandika. Kiasi na sarafu ni kitu kimoja na vinastahili mhuri mmoja. Vivyo hivyo mkoa na wilaya, au kipimo cha dawa na jina la dawa yenyewe.

Kiasi cha stoo ni kisa kingine kabisa, na dawa yake wenye maduka wanaijua tangu zamani kuliko kompyuta. Daftari la madeni halina sehemu ya kufuta jumla na kuandika jumla mpya. Lina mistari: amechukua, amelipa, amechukua. Jumla hupigwa kutokana na mistari. Programu ya stoo iliyotengenezwa kwa akili hiyo haitumi 28 wala 35. Simu ya mama inatuma mstari “toa 12”, ya kijana inatuma “toa 5”, na kila mmoja unaongezwa bila kugusa mwingine. Arobaini kutoa kumi na mbili kutoa tano ni ishirini na tatu, yeyote atakayefika kwanza. Wala haijalishi saa ya nani iko mbele.

Kuna tahadhari moja ambayo wengi huigundua kwa uchungu. Simu ya mama ikituma “toa 12” na mtandao ukakatika kabla seva haijajibu “nimepokea”, simu itatuma tena. Seva isipojua kwamba ni mstari uleule, itatoa 12 mara mbili na hesabu itasoma 11. Utaratibu wa wa mwisho hushinda haukuwa na tatizo hili, kwani kuandika 28 mara mbili bado ni 28. Kwa hiyo kila mstari wa daftari lazima uzaliwe na namba yake ya kipekee ndani ya simu, kabla ya kutumwa, na seva iukatae unaojirudia:

```sql
INSERT INTO miamala (id, bidhaa, badiliko)
VALUES (:id, :bidhaa, -12)
ON CONFLICT(id) DO NOTHING;
```

Mfano halisi wa fikra hii uko kwenye afya. Community Health Toolkit, programu huria inayotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya na Uganda, hukaa ndani ya simu ya mhudumu anayetembea vijijini na kuwasiliana na seva mtandao ukipatikana. Mhudumu akimtembelea mjamzito hafungui faili la mama na kufuta hali ya mwezi uliopita. Anaandika ripoti mpya ya ziara, nayo inakaa peke yake kando ya zile za zamani. Wahudumu wawili wakiripoti siku moja, kuna ripoti mbili. Mgongano unabaki kwa mambo machache yanayohaririwa kweli, kama jina au namba ya simu ya mgonjwa.

Hata hayo machache hayatupwi. Programu hiyo imejengwa juu ya CouchDB, hifadhidata ambayo haitazami saa kabisa. Kila badiliko hutaja toleo ambalo lilianzia. Anayehariri toleo la tatu wakati seva imeshafika la nne, akiandika moja kwa moja kwenye seva, anakataliwa kwa jibu namba 409. Migongano inayotoka kwenye simu zilizokuwa bila mtandao huingia yote miwili: mmoja unachaguliwa kuonyeshwa, ule wenye historia ndefu zaidi ya marekebisho, na uliobaki unawekwa kando ukiwa umeandikwa wazi kwamba ni mgongano, ukisubiri mtu au programu iamue. Ukiomba taarifa kwa kuongeza `?conflicts=true` unauona. Uteuzi wenyewe ni wa kibubusa kidogo, kwani historia ndefu si ushahidi wa ukweli. Lakini aliyeshindwa bado yuko hai. Mtu akilalamika, kuna cha kurudisha.

Kufuta ndiko kunakowachosha mafundi. Mama akiifuta bidhaa ambayo haiuzi tena, seva haiwezi kuiondoa tu. Simu ya kijana, ambayo haikuwepo hewani, bado inayo, na ikirudi itaituma kana kwamba ni bidhaa mpya. Kwa hiyo badala ya kuondoa, hifadhidata huweka alama mahali hapo, kama kaburi, yenye mhuri wa lini ilifutwa. Makaburi yakibaki milele yanajaza nafasi, kwa hiyo husafishwa baada ya muda. Katika Cassandra, hifadhidata ya seva kubwa inayofuata utaratibu wa wa mwisho hushinda, muda wa kawaida ni sekunde 864,000, yaani siku 10. Kwa seva zilizo hewani usiku na mchana siku 10 ni nyingi. Kwa simu ya kijana aliyekwenda kijijini kwa mavuno, si kitu. Atarudi baada ya mwezi, kaburi limeshafagiliwa, na bidhaa iliyokufa itafufuka kwenye orodha. Programu ya simu inahitaji kuweka makaburi kwa muda mrefu kuliko likizo ndefu ya mtumiaji wake, au kuilazimisha simu iliyopotea muda huo ichukue hifadhidata upya kabla ya kuruhusiwa kupandisha alichohariri.

Baada ya lawama zote hizi, mtu anaweza kudhani utaratibu huu hauna mahali pake. Unapo. Rangi ya skrini, lugha aliyochagua mtumiaji, picha yake, mahali lori lilipo sasa hivi: hayo ni mambo ambayo jipya kweli linachukua nafasi ya la zamani, na hakuna anayelilia lililopita. Taarifa inayoandikwa na mtu mmoja kwenye simu moja nayo iko salama, ingawa akinunua simu ya pili na kutumia zote mbili, usalama huo umekwisha.

Figma, programu ya wachora michoro inayowaruhusu watu wengi kufanya kazi kwenye ukurasa mmoja, ilieleza mwaka 2019 kwamba hutumia utaratibu huu kwa kila sifa ya kila umbo: rangi peke yake, upana peke yake, na seva ndiyo inayoamua nani wa mwisho. Maandishi yenyewe huhesabiwa kuwa sifa moja. Kama neno ni B, mmoja akiligeuza kuwa AB na mwingine BC kwa wakati uleule, itabaki AB au BC, kamwe si ABC. Wametosheka na hilo, na wana sababu: watumiaji wake wako hewani, wanaonana wakisogeza vishale vyao kwenye ukurasa uleule, na rangi ikibadilika ghafla mtu anaona palepale na kuirudisha. Mama na kijana hawakuonana kwa saa tatu. Utaratibu ni uleule, na tofauti iko kwenye nani yupo wa kugundua.

Kwa mwenye programu anayetaka kujua hali yake, kipimo hakihitaji maabara. Achukue simu mbili zenye akaunti zinazoona bidhaa moja. Aziweke zote kwenye hali ya ndegeni. Kwenye ya kwanza abadilishe bei na auze 12, kwenye ya pili auze tano. Kisha aisogeze saa ya simu ya kwanza mbele kwa siku moja na kuuza mfuko mmoja zaidi. Azirudishe hewani moja baada ya nyingine, na asome. Hesabu sahihi ni 22 na bei ni mpya. Akipata 27 na bei mpya, simu ya kwanza imeshinda yote na ile mitano ya kijana imemezwa. Akipata 35 na bei ya zamani, saa haikuwa na neno, bali aliyefika mwisho amefuta mstari mzima. Akipata 35 na bei mpya, visanduku vimetenganishwa lakini kiasi bado kinaandikwa kama jumla. Kazi nzima ni ya dakika kumi, na inafaa kurudiwa kwa kubadilisha simu inayotangulia kurudi hewani.

Na kama programu imeshasambaa na haiwezi kutengenezwa upya wiki hii, kuna hatua moja ndogo inayowezekana kwenye seva peke yake. Kabla ya kuandika juu ya mstari, au kuukataa unaokuja, seva inakili kilichoshindwa kwenye jedwali la pembeni: kilikuwa nini, kilitoka simu ipi, saa ngapi. Haizuii hasara, lakini inaipa sura. Mama akikuta pungufu ya 12, anayepokea simu yake atafungua jedwali hilo na kumsomea kwamba saa tatu na dakika kumi simu yake mwenyewe iliandika 28.

Hata daftari lina mahali linapofika mwisho. Tuseme stoo imebaki na mifuko mitatu. Mama anauza yote mitatu dukani, na kijana, akiwa mbali na bila mtandao, anaahidi mitatu hiyohiyo kwa mteja na kupokea fedha. Mistari inaingia yote, hakuna uliopotea, na jumla inasoma kutoa tatu. Hesabu ni sahihi kabisa, na mteja mmoja hana sukari. Hakuna namna ya kusawazisha data itakayozaa mifuko ambayo haipo. Kilichobaki ni kumgawia kijana asubuhi fungu lake, mifuko kumi ya kuuza bila kuuliza, na akiimaliza apige simu dukani kabla ya kuahidi wa kumi na moja.